“Sijui mimi ni nani sasa”: jibu kwa mzazi wa Lindi na ukurasa wake wa saa nane usiku

Swali

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lindi mjini, nina miaka 27. Nimejifungua mtoto wa kwanza, wa kike, wiki hii anatimiza wiki sita. Nipo kwa mama yangu, mume yuko Dar kikazi. Juzi usiku niliandika haya kwenye daftari, nakuletea yalivyo:

“Saa nane na nusu. Amenyonya, amelala, mimi macho makavu. Leo muuza samaki kaniita kwa jina la mtoto, Mama Fulani, nikageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Mwalimu wa darasa la nne kaenda wapi? Huyu mtoto nampenda hadi nalia, na papo hapo natamani nitoke, nitembee hadi ufukweni peke yangu, nisirudi mpaka asubuhi. Nikisogea kisimani namwona anateleza mikononi mwangu. Mama anasema kulea ndiko huko. Mume kapiga simu, sikuwa na la kusema. Sijui mimi ni nani sasa.”

Nikiisoma mchana naogopa mwandiko wangu mwenyewe. Ninaumwa, au ndiyo kuwa mama? Niendelee kuandika au niache?

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi.

Kwa yaliyomo kwenye ukurasa huu sioni ugonjwa. Naona nafsi ya mzazi wa kwanza ikibadilika, na mabadiliko hayo yakiandikwa na mtu aliyekosa usingizi. Lakini ukurasa hauonyeshi kila kitu, na yapo mambo nitakayokuuliza huko mbele kabla sijathubutu kusema huumwi. Mimi ni mkunga, nimekaa na wazazi huku Mtwara kwa muda mrefu kabla ya kusomea afya ya akili, na ukurasa wa namna hii huwa nausoma mstari kwa mstari. Mzazi akiandika usiku huficha machache kuliko akiulizwa mchana mama mkwe akiwa kwenye benchi lile lile.

Tuanze na muuza samaki. Yeye alikupa heshima, na kwetu heshima hiyo ni kubwa. Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wote ukoo wao hufuata upande wa mama, kwa hiyo binti akizaa, hasa akizaa wa kike, ukoo mzima umeongezeka kupitia kwake. Hata kwa walioacha mila, ile “Mama Fulani” hubaki. Sasa hebu hesabu majina yako ya wiki hizi. Barabarani ni Mama Fulani. Jikoni kwa mama yako umerudi kuwa “mwanangu”, unaambiwa kunywa uji na kujifunika kama uliyekuwa darasa la tano. Kwenye simu ni mke. Jina ulilolisomea na kulifanyia kazi, la Mwalimu, ndilo pekee ambalo kwa wiki sita hakuna aliyekuita. Swali lako la “kaenda wapi?” lina jibu: hajaenda kokote, ila kwa sasa hakuna anayemwita, na mtu asiyeitwa huanza kujitilia shaka. Hilo silo dalili ya wazimu.

Mwanaanthropolojia Mmarekani, Dana Raphael, mwaka 1973 aliandika kwamba kuwa mama ni kipindi cha mpito chenye jina lake na muda wake, na walioendeleza wazo hilo wamekifananisha na balehe. Mimi naona mfano huo unatufaa sana sisi wa kusini. Fikiria balehe ilivyo: mwili unabadilika bila ruhusa yako, hasira na machozi vinakuja bila kubisha hodi, watu wanakutazama kwa jicho jingine, rafiki wa jana anakuwa mtoto mbele yako. Hakuna anayemwambia binti wa miaka 13 kwamba anaumwa. Na huku kwetu hatukumwacha aipite peke yake. Alikuwa na unyago, kungwi, wenzake aliochezwa nao, nyimbo, na siku ya kutolewa nje mbele za watu. Wayao wakaongeza na litiwo, sherehe ya mimba ya kwanza, mwanamke akiwekwa kitako na wakubwa kufundwa yanayomngoja.

Kwa baada ya kujifungua, tulichobaki nacho wengi wetu ni arobaini. Nayo ina faida yake, usinielewe vibaya: mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, hapiki, hachoti maji. Ila arobaini inauangalia mwili wako na kitovu cha mtoto. Ikiisha, watu wanaona kazi imekwisha, ilhali nafsi ndiyo kwanza inaanza. Wewe uko siku ya arobaini na kidogo. Ukurasa wako umeandikwa pale pale watu walipoanza kupungua mlangoni, na sishangai.

Mwilini nako kuna sababu zake, nitakupa mbili tu. Kondo la nyuma lilikuwa kiwanda cha homoni. Lilipotoka, estrojeni na projesteroni zilizokuwa juu sana miezi tisa zikaporomoka ndani ya siku chache. Hapo ndipo wazazi wengi hulia siku ya tatu hadi ya tano bila kisa, na kilio hicho kwa kawaida hukoma ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya sita, kwa hiyo mtu akikwambia “hizo ni homoni za uzazi zitapita tu”, usikubali haraka. Muda wa maelezo hayo umepita.

La pili ni ubongo. Mwishoni mwa 2016 watafiti wa Barcelona, wakiongozwa na Elseline Hoekzema, walichapisha picha za ubongo wa wanawake zilizopigwa kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kujifungua. Baadhi ya sehemu za ubongo, zile zinazotusaidia kusoma hisia na nia za mtu mwingine, zilikuwa zimepungua ujazo, na hali hiyo ilikuwa bado ipo miaka miwili baadaye. Kusikia “zimepungua” kunatisha, najua. Lakini walipowapima kumbukumbu hawakuona kwamba wamepoteza uwezo, na wale waliobadilika zaidi ndio walioonyesha kushikamana zaidi na watoto wao. Watafiti wanaona ubongo unajipanga upya kwa kazi ya kumwelewa mtu asiyeweza kusema. Kwa hiyo unapoandika kwamba humjui huyu aliyeko hapa, mwili wako unakubaliana nawe: kweli si yule yule wa mwaka jana.

Sasa mstari wa ufukweni, ambao nadhani ndio unaokuogopesha zaidi. Unampenda hadi unalia na papo hapo unatamani kuondoka. Wazazi wengi huamini lazima moja kati ya hayo ni uongo. Wanajiuliza, kama nampenda kweli mbona natamani nimwache? Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na yatakuwa hivyo kwa muda. Mtoto wa wiki sita ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Tangu alipozaliwa hujawahi kuwa na saa nne mfululizo ambazo mwili wako ni wako. Kutamani mwili wako urudi kwako usiku mmoja hakumpunguzii mtoto kitu.

Mimi ninachotazama kwenye mstari huo ni maneno ya mwisho. Uliandika “nisirudi mpaka asubuhi”. Hamu yako ina mwisho, ina asubuhi, na ina kurudi. Hiyo ni hamu ya kupumzika. Ungeandika “nisirudi tena”, au “wangekuwa na amani bila mimi”, au “mtoto angepata mama mwingine bora”, nisingekuwa nakuandikia majibu marefu hivi. Ningekwambia leo hii, kabla ya jioni, uende na mama yako hospitali. Pitia kurasa zako nyingine kwa jicho hilo. Usitafute mahali ulipolalamika, maana kulalamika ni haki yako. Tafuta mahali ambapo ulijiandika kama mzigo au kama mtu asiyehitajika, kisha unijibu kwa ukweli kama upo.

Kisimani. Mstari huu najua uliuandika haraka na ukahamia kwa mama yako, kama mtu anayepita mahali pabaya. Tukae hapo kidogo.

Picha hiyo ya mtoto kuteleza mikononi hutokea kwa karibu kila mzazi mpya. Watafiti wawili wa Kanada, Nichole Fairbrother na Sheila Woody, waliwauliza wazazi wa mtoto wa kwanza waziwazi kuhusu mawazo ya aina hiyo. Wote walikiri kuwa nayo kuhusu ajali, yaani mtoto kuanguka au kukosa pumzi, na karibu nusu walikiri hata mawazo ya wao wenyewe kumdhuru mtoto, mawazo ambayo hawakuyataka kabisa. Walikuwa wazazi wa kawaida wasio na ugonjwa. Sababu inayoelezwa ni kwamba ubongo wa mzazi uko macho kupita kiasi kutafuta hatari, na hautofautishi vizuri kati ya “jihadhari na kisima” na picha ya tukio lenyewe. Inakuja bila kuitwa, na inakuogopesha kwa sababu ni kinyume cha unachokitaka.

Mtu hujuaje kama picha ni ya aina hii au ni ya hatari? Angalia inakufanya nini. Wewe ukiiona unarudi nyuma, moyo unakwenda mbio, unamkumbatia mtoto. Huo ndio upande salama. Upande wa hatari ni pale wazo linapoanza kuonekana lina maana na ni sahihi, kwamba mtoto huyu amebadilishwa, kwamba kuna sauti inayoamuru, kwamba umepewa kazi ya pekee na Mungu juu yake, au kwamba majirani wamepanga njama. Pamoja na hayo mzazi anakuwa halali hata mtoto akichukuliwa na nyumba ikiwa kimya, na haoni kama anahitaji kulala. Anaongea haraka, anachanganya mambo, saa moja anacheka na nyingine analia.

Hiyo ni saikosisi ya baada ya kujifungua. Ni nadra, kama mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Inatibika vizuri, lakini ni dharura ya siku ile ile. Huku kwetu inapotea pale familia inaposema “amepandisha majini” na kumzungusha kwa waganga wiki nzima. Sina ugomvi na mtu kusomewa dua. Asomewe akiwa hospitali, na mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa picha yako ya kisima, fanya hivi. Mwambie mtu mmoja kwa maneno mepesi: “Nikiwa na mtoto karibu na kisima naona kama ataanguka, naogopa.” Picha ikishatamkwa hupungua nguvu. Hatua za usalama za kawaida chukua: kisima kifunikwe, na anayechota asiwe na mtoto mkononi. Kisha ishia hapo. Usianze kukwepa uani kabisa, wala kuamka mara kwa mara kuhakikisha kifuniko kipo, wala kumpa mama yako mtoto kila ukipita hapo. Kila ukikwepa, ubongo unajifunza kwamba kweli wewe ni hatari, na picha zinaongezeka. Ukijikuta kukwepa na kuhakikisha kunakula saa nzima ya siku au zaidi, hapo umeingia kwenye tatizo lenye tiba, na utahitaji kuonana na mtaalamu.

Sasa maswali yangu. Je, mtoto akilala na mama yako akamshika, wewe unalala? Ukisikia jambo la kuchekesha, unacheka? Chakula kina ladha? Kuna kitu chochote cha kesho unachokisubiri? Nayauliza kwa sababu sonona ya baada ya kujifungua, ambayo wengi hudhani ni kulia tu, mara nyingi huja kwa kimya: mtu hasikii raha, hasikii huzuni, anafanya kila kitu kwa mtoto vizuri kabisa na ndani hamna mtu. Mstari wako wa simu ya mume, “sikuwa na la kusema”, ndio pekee unaonifanya nitake majibu haya. Unaweza kuwa uchovu. Unaweza pia kuwa mwanzo wa ukimya huo.

Kipo kipimo cha maswali kumi kinachotumika dunia nzima, kipimo cha Edinburgh, kilichotengenezwa na John Cox na wenzake mwaka 1987. Kinauliza kuhusu siku saba zilizopita. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu, jumla 30, na anayepata 13 au zaidi anahitaji kuchunguzwa vizuri. Hakimtangazi mtu kuwa mgonjwa, kinamchuja tu. Swali la mwisho linahusu wazo la kujidhuru, na hilo likipata alama yoyote juu ya sifuri halingoji jumla ya mengine. Tafsiri ya Kiswahili ipo na imetumika hapa Tanzania. Ukiwa umekaa na hali nzito karibu kila siku kwa wiki mbili, huna hamu na chochote, unajilaumu kuliko kosa lenyewe, usingoje ipite. Tiba ya mazungumzo ipo, na zipo dawa, sertralini ikiwamo, ambazo mama huendelea kunyonyesha huku akizitumia.

Kabla ya hapo pima damu. Mzazi aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, katika mkoa wenye malaria kama wetu, anaweza kuwa na upungufu wa damu unaofanana kabisa na sonona: uchovu, moyo kudunda, akili nzito, machozi karibu. Tezi ya shingo, thairoidi, nayo huvurugika kwa baadhi ya wanawake miezi ya mwanzo baada ya uzazi. Wiki hii mtoto ana chanjo ya wiki sita, na wewe pia una haki ya kuchunguzwa siku hiyo. Kwa kawaida macho yote huenda kwenye kadi ya mtoto na mizani, mama anaulizwa “huna shida?” huku jina linalofuata limeshaitwa. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Kaa kwenye kiti useme: “Nesi, na mimi nina langu, naomba nipimwe wingi wa damu, na usiku silali vizuri kwa mawazo.” Sentensi hiyo inamlazimu mtu kusimamisha kalamu.

Kuhusu daftari, endelea nalo, ila badilisha namna ya kulitumia.

Hofu unayoipata ukisoma mchana ina maelezo yake. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker alifanya jaribio akawataka watu waandike mambo mazito ya maisha yao, dakika kumi na tano kwa siku, siku nne. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Nafuu ilionekana baadaye. Wewe unaandika saa nane na nusu usiku, saa ambayo akili iliyokosa usingizi haina breki, halafu unayachukua yaliyoandikwa kama ushahidi. Siyachukui hivyo. Ukurasa wa saa nane usiku ni kipimo cha saa nane usiku.

Weka mipaka mitatu. Andika kwa muda mfupi, dakika kumi hadi kumi na tano, na kama mtoto amelala na wewe unasinzia, funga daftari ulale. Usingizi unautangulia uandishi, hata kama sentensi imekatikia njiani. Usiandikie kwenye simu, kwa sababu mwanga wake na jumbe zake vitakuondolea usingizi uliobaki. Tochi ndogo inatosha. Na usisome tena usiku ule ule.

Mchana, baada ya kula, chukua kalamu ya rangi nyingine uupitie ukurasa kama unavyosahihisha daftari za wanafunzi. Pigia mstari mmoja kila kilichotokea, na mistari miwili kila hukumu uliyoitoa. Nimefanya hivyo kwa ukurasa wako. Yaliyotokea: muuza samaki aliita, uligeuka nyuma, mama alisema neno, mume alipiga simu. Uliyoyahisi: mapenzi, hamu ya kutoka, hofu ya kisima. Hukumu ni moja tu, ile ya mwisho: “Sijui mimi ni nani sasa.” Kwa hiyo ukurasa mzima uliokuogopesha una hukumu moja, na imekuja mwishoni baada ya mambo saba yaliyokuchosha. Chini yake, kwa ile kalamu ya mchana, andika jibu la mwalimu. Mfano: “Nimeitwa majina matatu leo, nimelala saa tatu kwa vipande, sijala tangu alasiri.” Hulazimiki kujipa moyo. Andika tu kilichokuwepo usiku ule na ambacho hukukiandika.

Ukifanya hivyo siku kadhaa utaanza kuona mpangilio wako mwenyewe. Kuna mzazi hukuta kurasa nzito zote zinafuata siku ambazo hakula cha jioni. Mwingine hukuta zinafuata simu za mtu fulani. Mwingine hugundua uzito unamjia dakika ile maziwa yanaposhuka kifuani, unakaa dakika chache na kuondoka. Hilo nalo lipo, linatokana na homoni za kunyonyesha, na mtu akishalijua halimtishi tena.

Daftari likianza kukudhuru utajua. Utaona sentensi ile ile inarudi usiku baada ya usiku bila kuongeza neno jipya. Utaona unabaki macho ili uandike. Hapo liweke, utafute mtu wa kuongea naye kwa mdomo, kwa sababu kuandika kumegeuka kusaga jambo moja.

Nani asome? Wewe, na mtu mmoja uliyemchagua. Liweke mahali pake, nyumba ya mzazi ina wageni wengi.

Mama yako aliposema “kulea ndiko huko”, nadhani alitaka kukutuliza, ila mlango ulifungika. Usimwambie “mama hunielewi”. Muulize kitu cha kwake: alipojifungua wewe, nani alikuwa naye usiku? Alikuwa anaogopa nini? Wanawake wa rika lake wengi hawajawahi kuulizwa hilo, na nimeona likifungua mazungumzo ambayo mausia mengi yameshindwa. Kisha mwombe jambo moja lenye saa yake: mtoto akishanyonya saa mbili usiku amchukue yeye, wewe ulale hadi atakapoomba ziwa tena, upate saa tatu au nne mfululizo. Kipande hicho kimoja kisichokatika kitakusaidia kuliko kulala vijipande mchana kutwa.

Mume wako naye msomee mistari miwili kwenye simu, ule wa muuza samaki na ule wa mwalimu wa darasa la nne. Usimsomee wa kisima kwa mara ya kwanza akiwa mbali usiku, atashindwa kulala na wewe utaanza kumtuliza yeye. Mwambie ukoje, kisha mwambie akuite jina lako. Ni jambo dogo, nami nalishikilia kabisa: mtu mmoja kwa siku akuite kama ulivyoitwa kabla.

Na mwalimu? Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 kwa mtoto mmoja, kwa hiyo una muda bado, ila si mrefu. Usijilazimishe kuandaa masomo sasa. Chagua kitu kimoja cha kazi yako ambacho hakikudai chochote: mpigie mwalimu aliyeshika darasa lako umuulize yule mtoto aliyekuwa hajui kugawanya amefika wapi. Ukirudi kazini, sheria ya ajira inamtaka mwajiri akupe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ongea na mwalimu mkuu mapema, kabla likizo haijaisha, mkubaliane vipindi vyako vikae vipi ili saa hizo zipatikane kweli.

Nenda kliniki kwa chanjo, pima damu, kisha niandikie majibu ya vipimo pamoja na majibu ya maswali yangu manne. Usingizi ukikataa kabisa hata mtoto akiwa kwa bibi yake, au likija wazo la kutokuwepo, usiniandikie kwanza. Mwamshe mama yako usiku huo huo, mwende hospitali.